Mkigombana moyo unakwenda mbio, kichwa kinakuwa cheupe: tupeane uzoefu

Baba Kijacho
Wakuu, salamu kutoka Ipagala. Jana nimemsikia jirani anamuuliza mumewe mara tatu, "Mbona hunijibu?" Mwanaume kimya. Nikajiona mimi.

Mwaka jana mke wangu aligundua nimemtumia mama laki mbili Kondoa bila kumwambia. Akauliza tu, kwa nini ulinificha? Jibu nilikuwa nalo: mashine ya mama iliharibika, na hela yenyewe ilikuwa ya kodi, nikaona aibu. Lakini moyo ulidunda mpaka masikioni, vidole vikawa baridi, neno halitoki. Yeye akaona namdharau, akapandisha sauti, ndiyo nikapotea kabisa. Nikatoka, nikarudi saa sita usiku. Nimelala, majibu yote yakaja.

Zabibu Chungu
Mimi hapa. Mpaka meno yanagongana.

Mstaafu Kizota
Hiyo presha, vijana. Kunywa maji, hesabu mpaka kumi, rudi umjibu.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo mzee. Kupumzika umesema kweli, ila kumi ni chache mno. Mwili ukihisi hatari hauulizi kama ni fisi au ni sauti ya mwenzako. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inakimbilia misuli mikubwa, ndiyo maana vidole vinapoa. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga maneno na kupima hoja, inafanya kazi kwa shida. Baba Kijacho hakuwa na dharau, alikuwa hana pa kuyatoa maneno.

John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliwahi kusimamisha ugomvi wa wanandoa kwa kisingizio kwamba vifaa vinarekebishwa. Akawapa magazeti wasome kama nusu saa. Waliporudi mapigo yameshuka, walizungumza kama watu wengine. Anasema yakivuka 100 kwa dakika ni vigumu kusikilizana, na angalau dakika 20 zinahitajika. Shika mshipa wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4.

Mtu wa Mtumba
Mimi inanipata kwa bosi kwenye kikao. Naye nimwombe dakika 20?

Mama Wawili
Wanaume mmepata kichaka. Wangu "anapumzika" tangu Jumatatu.

Zabibu Chungu
Mama Wawili, si wanaume tu. Anayetoka kwetu ni mimi.

Mama Wawili
Basi na wewe unamtesa mwenzako. Anayebaki ndani anakufa kwa mawazo.

Binti wa Manyoni
Ngojeni niwaambie. Mwaka juzi tunatoka Singida na gari la mume wangu, tunabishana kuhusu dada yake. Kufika karibu na Bahi akasimamisha gari, akashuka, akatembea porini bila neno. Saa mbili usiku. Funguo kaondoka nazo, simu kaiacha kitini. Nilifunga milango nikalia saa nzima, najua ameniacha. Kurudi anasema alikuwa "anapoa". Mimi ndiye niliyeungua.

Mtu wa Mtumba
Mama yangu! Mkaendelea na safari?

Mstaafu Kizota
Dada yake alifanya nini lakini?

Muuguzi wa Zamu
Binti, pole sana. Hapo kuna kosa moja kubwa: hakusema anarudi saa ngapi. Mtu aliyeachwa bila saa naye mwili wake unapanda. Anayetoka ndiye ataje muda, na muda ukifika ndiye arudi aanzishe mazungumzo.

Baba Kijacho
Naongezea yaliyonikuta. Mara ya kwanza kujaribu nilitaja nusu saa, nikakaa kibarazani napanga hoja za kumshinda. Nilihesabu 29 kwa sekunde 15, yaani 116. Dakika 25 baadaye 27, yaani 108, hasira zilezile. Kumbe nilikuwa nagombana naye kichwani. Mara ya pili nikasema, "Kichwa kimefunga, saa mbili na nusu nakaa hapa tena." Nikazunguka mtaa, nikamwagilia mchicha. Nikapata 19, yaani 76. Nikamweleza mashine, kodi na aibu. Alilia, akasema kilichomuuma si hela, ni kuonekana mtu wa kufichwa. Hilo nilikuwa sijalisikia mwaka mzima.

Zabibu Chungu
Mimi kutembea hunizidishia. Nafua nguo.

Mama Wawili
Na kama ukiomba dakika 20 anakufuata mpaka chooni?

Muuguzi wa Zamu
Mkubaliane neno siku mkiwa wazima, si katikati ya ugomvi. Ila kama moyo unakwenda mbio kwa sababu anapiga, hiyo ni hofu ya kweli. Tafuta usalama kwanza. Na ukidunda hivyo umekaa tu, bila ugomvi, nenda kapimwe.

Mama Wawili
Hapigi. Anafuata tu. Leo usiku nitamwambia hilo la neno.

Mstaafu Kizota
Binti wa Manyoni hajajibu kuhusu dada.