Umeme wa pedali: waya wa vichwa vingi au kigawanyaji chenye njia zilizotengwa?

NyuziSita
Wakuu, nina tyuna, ovadraivu, distoshini na dilei ya kidijitali, zote zikipata volti 9 kutoka adapta moja kupitia waya wa vichwa vingi. Nikikanyaga distoshini, amplifaya hutoa mluzi mwembamba hata kama sijagusa nyuzi, na mluzi huo hupanda na kushuka ninapozungusha kitufe cha muda cha dilei. Je, ninunue kigawanyaji chenye njia zilizotengwa, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya waya huu?

MzeeWaRumba
Nunua, usisite. Waya wa vichwa vingi ndio chanzo cha kelele zote. Mimi nilibadilisha, ingawa gitaa langu la koili moja bado linavuma nikisimama karibu na amplifaya.

FundiWaya
Mzee, mvumo huo unaingia kwenye pikapu yenyewe, kwa hiyo hakuna kigawanyaji kitakachouondoa. Geuka upande kidogo, utausikia ukipungua.

Kwa NyuziSita, mluzi unaofuata kitufe cha muda unatoka kwenye saa ya ndani ya dilei. Saa hiyo huifanya dilei ivute umeme kwa mapigo ya haraka, na kwa kuwa waya wa hasi ni wa pamoja, mapigo hayo huifikia distoshini, ambayo huyakuza pamoja na sauti ya gitaa. Kabla ya kutoa fedha, chomoa kichwa cha umeme kwenye distoshini, uiwekee betri ya volti 9, kisha usikilize. Mluzi ukitoweka, tatizo ni umeme wa pamoja, na huenda ukatosha kuipa dilei adapta yake peke yake. Tyuna na hizo mbili nyingine zinaweza kubaki kwenye waya wa zamani.

BintiGitaa
Mimi nina fazi ya jeremani ambayo chanya ndiyo imeunganishwa na gamba. Naweza kuiongeza kwenye waya huohuo?

FundiWaya
Hapana. Chanya na hasi zitakutana kupitia waya za sauti na adapta itapata shoti. Hapo njia iliyotengwa, au betri, si anasa. Ila usiamini maandishi ya kwenye boksi: kigawanyaji kikiwa kimechomolewa ukutani na hakijaunganishwa na pedali yoyote, gusa kwa multimita pini za katikati za matundu mawili, ikilia, hasi ni moja, na hakuna kilichotengwa.

NyuziSita
Nimeweka betri, mluzi umetoweka kabisa. Kisha nikairudisha distoshini kwenye waya na kuipa dilei adapta ya pili niliyokuwa nayo nyumbani: mluzi umepungua sana, lakini kuna mchakarisho mpya ambao haufuati kitufe chochote.

MzeeWaRumba
Si nilisema?

FundiWaya
Adapta hiyo ya pili ni nyepesi, au ni nzito yenye transfoma ndani? Zile nyepesi nyingine huleta kelele zao wenyewe. Jaribu nyingine kwanza, utuambie.