Waifai ipo, intaneti hakuna: nisomeeni taa za picha hii

BintiKisauni: Wenyeji, nisaidieni. Jana tulipaka rangi sebuleni, vyombo vya intaneti vikachomolewa kisha vikarudishwa. Tangu hapo simu zinashika waifai lakini hazifungui kitu. Kwenye picha, kisanduku cheupe cha fiba kina POWER, PON na LAN1 kijani, LOS imezimika. Ruta nyeusi ndiyo yenye taa ya Internet nyekundu. Nimeambiwa fundi atakuja Jumatatu.

MzeeLikoni: Nyekundu ni waya wa fiba umekatika, binti. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, kochi limeubana. Msubiri tu fundi.

FundiTudor: Mzee, yako bila shaka ilikuwa LOS. Hiyo ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku: waya umekatika, umekunjwa mno, au ile plagi ya kijani haikukaa sawa. Ya dada imezimika, na PON ikiwa imetulia, kisanduku kimeshakubaliwa na mtambo wa kampuni. Shida yangu ni kwamba picha haionyeshi kupepesa, na PON inayopepesa bado inabisha hodi. Dada, itazame sekunde kumi hivi. Halafu tupigie picha mgongo wa ruta, ila ufunike kile kibandiko, kina neno la siri la waifai.

BintiKisauni: PON imetulia tuli. Picha ya mgongo hiyo hapo.

NipoBamburi: Nami ruta yangu ya laini ya simu haina tundu la fiba kabisa. Niliibiwa?

FundiTudor: Bamburi, hiyo yatumia laini, haihitaji fiba. Fungua uzi wako.
Dada, nimeikuza picha. Waya unaotoka kwenye kisanduku umeingia LAN3 ya ruta, na lile tundu la buluu la WAN li tupu. LAN1 ya kijani ndiyo iliyokuhadaa: inakwambia waya umeshikana na chombo kilicho hai, haijui umeingizwa tundu gani. Uhamishie WAN, usubiri dakika mbili tatu.

BintiKisauni: Wallahi imekuwa kijani! Shukran. Ila kitaa kidogo penye tundu la WAN ni cha rangi ya chungwa, kile cha LAN3 pia kilikuwa hivyo.

MzeeLikoni: Si nilisema waya ni mbovu.

FundiTudor: Ulisema fiba, mzee wangu. Rangi hiyo kila kampuni ina maana yake. Kwenye baadhi ya ruta ni kwamba zimeshikana kwa 100 Mbps badala ya 1000. Huo mwendo wa 1000 unataka nyuzi zote 8 za waya, 100 yatosheka na 4. Waya ulitengenezwa mtaani?

BintiKisauni: Eh, kijana wa Kongowea aliukata na kuubana. Kifurushi changu ni cha 20 Mbps.

FundiTudor: Basi hata ikiwa 100, hutaona tofauti. Tazama kitabu cha ruta kinasemaje kuhusu chungwa.

BintiKisauni: Kitabu kilipakwa rangi pamoja na ukuta.