Tupeane uzoefu: ukimpunguzia mfanyakazi ukaguzi, umemwadhibu au umemtia moyo?

Msimamizi wa Zamu: Wakuu, nasimamia wabanguaji kwenye kiwanda cha korosho hapa Mtwara. Zamani nilikuwa napita kila saa kukagua mabeseni, na walikuwa wanachukia sana. Nikatangaza: anayemaliza wiki na vipande vichache vya korosho zilizovunjika, wiki inayofuata namkagua asubuhi na jioni tu. Korosho nzima zimeongezeka. Mwenzangu anadai hiyo ni adhabu kwa sababu kuna kitu nimeondoa. Nyie mna visa gani?

Kijana wa Likombe: Mwenzako anakaribia. Hiyo ni uimarishaji hasi, kama ghalani kwetu: ukichelewa, unakosa posho ya chakula. Tangu ianze, watu wanawahi.

Bi Mkubwa Nachingwea: Mdogo wangu, jina la kisa cha Msimamizi umelipatia, mfano wako ndio umepotea. Mwaka baada ya mwaka nafundisha mambo haya ya mwanasaikolojia Skinner, na watu hukwama hapohapo. Anza na tabia: ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu. Kwenu kuchelewa kumepungua, kwa hiyo ile ni adhabu, ingawa kilichofanyika ni kuondoa posho. Kwa Msimamizi, ubanguaji makini umeongezeka kwa sababu mtu anaepuka karaha ya kukaguliwa. Huo ndio uimarishaji hasi. Ila Msimamizi, ukimrudishia mtu ukaguzi wa kila saa kwa kuwa amevunja nyingi, siku hiyo umemwadhibu. Ukaguzi ni uleule.

Mama Tandahimba: Samahani, sisi tunalipwa kwa kilo. Hiyo iko wapi?

Bi Mkubwa Nachingwea: Dada, ni uimarishaji chanya, maana mnapewa kitu, lakini niambie: kilo ya vipande inalipwa sawa na ya nzima?

Mama Tandahimba: Sawasawa. Ndiyo maana tunakimbizana.

Bi Mkubwa Nachingwea: Basi mnachoimarishiwa ni haraka. Bosi akiwasema kila siku mwache kuvunja, malipo yake yanawaambia mwendelee.

Mdau wa Lindi: Mimi nina kijana anayekatiza kikao cha asubuhi kwa utani. Niliambiwa nimnyamazie, tabia itazimika yenyewe. Mwezi umeisha, amezidi.

Bi Mkubwa Nachingwea: Kuzidi mwanzoni ni kawaida, mtu hukazana akikosa alichozoea. Mwezi mzima unanitia shaka. Wenzake wanacheka?

Mdau wa Lindi: Wanavunjika mbavu.

Bi Mkubwa Nachingwea: Kumbe umemnyima usikivu wako, ambao hakuwa anautafuta. Analipwa kicheko. Zungumza na wale wawili watatu wanaoanza kucheka. Na akitoa hoja ya maana, mpe nafasi na umsikilize mbele ya wote. Wasimamizi wengi hunyamazia utani na hoja nzuri kwa pamoja, kisha kinachokufa ni hoja.

Kijana wa Likombe: Kwa hiyo hata asiyeshukuriwa kwa kuwahi anaweza kuacha kuwahi?

Bi Mkubwa Nachingwea: Kama shukrani ndiyo iliyokuwa inamwahisha, ndiyo.

Mdau wa Lindi: Shida yangu, anayeanza kucheka ni meneja. Aliyewahi kulikabili hilo anisaidie.