Mrejesho: impresheni zilizoshuka baada ya kubadili vichwa vya kurasa

Niliuliza: "Mwishoni mwa Januari nimebadili vichwa vya kurasa za sare za shule, sasa impresheni, yaani mara kurasa zinapoonekana kwenye matokeo ya Google, zimeshuka nusu. Ni msimu au nimeharibu mwenyewe?"

Wakuu, asanteni sana. Vyote viwili.

Nilifuata ushauri wa kulinganisha na kurasa ambazo sikuzigusa, za mabegi. Nazo zilishuka kama theluthi, lakini nafasi yake kwenye matokeo haikusogea. Huo ni msimu: shule zikishafunguliwa Januari, watafutaji hupungua.

Za sare zilishuka zaidi ya hapo. Wastani wa nafasi ulinidanganya, maana ulionekana umepanda. Kumbe maneno niliyokuwa nafasi za chini yalitoweka kabisa, hivyo hayakuhesabiwa tena. Kwenye `Queries` ya Google Search Console, nilipoangalia neno moja moja, "sare za shule kariakoo" halikuwepo. Nilikuwa nimefuta "Kariakoo" kwenye kichwa ili kifupike!

Nimelirudisha, nikaomba `Request indexing`. Baada ya wiki mbili neno limerudi. Kurudisha maelezo ya zamani, yale mafupi ya chini ya kichwa kwenye matokeo, hakukuongeza impresheni. Hayo huvuta mibofyo tu. Kulinganisha na mwaka jana kumeshindikana, tovuti ina miezi minane.