UZI: Refa ananilazimisha nimsogeze mfalme kwa sababu "kasling bila mfalme kuhama haipo". Hii ni chesi 960 au chesi ya nyumbani kwake?

Askari_wa_h7 (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechafukwa na sitaki kuficha. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya rapidi ya chesi 960. Sitaji klabu wala mtu, wahusika watajijua. Kiingilio tumelipa, kura ya mpangilio ikapigwa mbele yetu, na safu ya nyuma ikatoka hivi kuanzia a mpaka h: farasi, ngome, mfalme, askofu, askofu, malkia, farasi, ngome. Nyeusi ni hivyo hivyo, inaangaliana. Mimi nilikuwa na nyeusi.

Mchezo huu hapa, mfupi tu:

```
1. f4   e6
2. Bf2  Bf6
3. Bxa7 O-O-O
```

Askofu wake alipokula a7 akawa anaishambulia ngome yangu ya b8. Ngome hiyo haina pa kwenda: a8 kuna farasi wangu, c8 kuna mfalme, b7 kuna askari. Lakini askofu wangu wa d8 nilishamtoa kwenda f6, kwa hiyo d8 iko wazi. Kasling ya upande wa a humweka mfalme c8 na ngome d8. Mfalme wangu amezaliwa c8! Kinachohama ni ngome peke yake, inamruka mfalme na kutua d8. Ngome imepona, askofu wake arudi alikotoka, tuendelee.

Nikasema kwa sauti "nafanya kasling". Nikamwinua mfalme, nikamweka nje ya ubao, nikaipeleka ngome d8, nikamrudisha mfalme c8, nikabonyeza saa. Yule bwana akanyoosha mkono kumwita refa. Refa akaja, akaangalia, akauliza: "Mfalme alikuwa wapi?" C8. "Sasa yuko wapi?" C8. "Basi hakuna kasling hapo, umecheza mwendo haramu."

Mpinzani akaongezewa dakika 2. Halafu, eti kwa kuwa nimemgusa mfalme, lazima nimchezeshe. Wakuu, hebu mtazameni huyo mfalme. B7, c7 na d7 kuna askari wangu, b8 kuna ngome. Mraba ulio wazi ni d8 tu. Nikalazimishwa Kd8, naye akala Bxb8, na hakuna kete yangu hata moja ya kumrudishia. Ngome nzima bure kwenye mwendo wa 4!

Nilipobisha nikaambiwa nisimsumbue refa, watu wanacheza. Naomba mwenye sheria mkononi aseme nani hajui kazi hapa.

---

Kete_Mbili

Mkuu pole, lakini si mngecheza drafti tu. Kule huyo mfalme wa kugusa gusa hayupo, ukifika mwisho unapata kingi, unatembea unavyotaka. Halafu kwani kete zikichanganywa mnajuaje nani kakaa vibaya?

---

Mwalimu_wa_Jioni

Mleta mada, najua una hasira ila refa hajakosea sana. Kasling ni mfalme kwenda hatua mbili kuelekea ngome, na ngome kumruka. Ndivyo tunavyofundisha watoto. Kwenye 960 kanuni ni ile ile, tofauti ni kwamba mfalme anaweza kwenda zaidi ya hatua mbili kwa sababu hakuanzia e. Lakini kwenda ni lazima. Na pia naona a8 yako ilikuwa na farasi. Upande wote ule unatakiwa uwe mtupu kabla ya kasling, kwa hiyo hata kwa hoja hiyo ulikuwa umeshindwa.

---

Saa_Mbili_Kengele

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umechanganya. Nimekaa meza ya urefa muda mrefu na nimesimamia 960, ngoja niliweke wazi.

Kwenye 960 hesabu ya hatua za mfalme itupeni. Angalieni mwisho tu. Kasling ya upande wa a ikikamilika, mfalme yuko c na ngome iko d. Ya upande wa h, mfalme yuko g na ngome iko f. Ni pale pale zinapoishia kwenye chesi ya kawaida, hata kama zilianzia kwingine kabisa. Maandishi ya FIDE yanasema wazi kwamba kwenye baadhi ya mipangilio mfalme au ngome hahami wakati wa kasling, ilimradi wasiwe wote wawili. Hiyo ndiyo hali ya mleta mada, neno kwa neno.

Kuhusu farasi wa a8: miraba inayotakiwa kuwa wazi ni ile anayopita mfalme na anayotua, na ile inayopita ngome na inayotua, ukiwatoa wao wawili. Hapa mfalme hapiti popote. Ngome inatoka b8 inaenda d8, na c8 kuna mfalme mwenyewe ambaye hahesabiwi. Kwa hiyo mraba pekee uliotakiwa kuwa mtupu ni d8. Farasi wa a8 anaweza kukaa hapo mpaka Idi.

Tena niongeze kitu ambacho hata marefa huwapita. Kwenye mpangilio kama huu, ngome ya b8 ni ngao ya mfalme. Tuseme farasi wa a8 ameshatoka na malkia wa adui amefika a8. Mfalme wa c8 hashambuliwi, maana ngome imekaa katikati. Ukifanya kasling ngome inaruka kwenda d8, mfalme anabaki uchi mbele ya malkia. Hiyo ni haramu. Ukikagua miraba ya kupita tu hutaiona, inabidi ukague picha ya mwisho. Kwa mleta mada a8 kulikuwa na farasi wake mwenyewe, na askofu wa a7 anaishia b8, hafiki c8. Ngome kushambuliwa si kizuizi, kizuizi ni mfalme kushambuliwa. Kasling yake ilikuwa halali.

---

Askari_wa_h7

Asante mzee wangu! Sasa hayo ndiyo niliyokuwa nayaeleza pale mezani, nikaonekana mkorofi. Mwalimu, watoto unaowafundisha wakija kwenye 960 watalia kama mimi.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Kama FIDE wameandika hivyo, sawa, la mfalme nakubali. Ila mimi nilivyosoma, sheria za 960 ziko kwenye mwongozo nyuma ya kitabu, si ndani ya sheria zenyewe. Mwandaaji anaweza kuzibadili.

---

Zuchu_wa_Blitzi

Mimi yangu ilikuwa kwenye simu, Lichess. Mfalme wangu kazaliwa f1, ngome h1, g1 wazi kabisa. Nikamvuta mfalme mpaka g1 nikijua hiyo ni kasling, na yeye akaenda g1 kama mtembea kwa miguu, ngome imebaki h1 imefungiwa. Nilitupa simu kitandani. Kumbe kule unamvuta mfalme mpaka JUU YA NGOME yako mwenyewe, kama vile unaila. Hapo ndipo programu inaelewa. Kwa hiyo mleta mada, kwenye simu hiyo yako ungemvuta mfalme wa c8 juu ya ngome ya b8 na yangeisha.

---

Pembe_ya_Farasi

Mimi sina ugomvi na kasling, nina ugomvi na mwendo wa 2. Mkuu, kwenye 960 kabla hujagusa kete unapitia askari wako mmoja mmoja unauliza: huyu analindwa na nani? Kwenye mpangilio wa kawaida hakuna askari asiye na mlinzi mwanzoni, ndiyo maana tumezoea kutouliza. Hapa a7 halindwi na yeyote. Farasi wa a8 analinda b6 na c7, mfalme hafiki, na ngome iko pembeni yake kwa mshazari. Halafu swali la pili: nani hana mlango wa kutokea? Ngome ya b8. Askari asiyelindwa pamoja na ngome iliyofungiwa, mahali pamoja! Ukishaona hivyo, 1.f4 inakupigia kelele: askofu wa e1 anapanda f2 na mshazari wote mpaka a7 uko wazi.

Jibu lilikuwa 2...b6, au hata tamu zaidi 2...Nb6. Farasi anaziba mshazari, analindwa na a7 na c7, na ngome inapata a8 ya kupumulia. Mtu mwingine angekimbilia 2...a6 akidhani ameokoa askari, lakini 3.Ba7 inakuja vile vile na ngome inanaswa. Wewe ulimwachia a7 bure.

---

Askari_wa_h7

Sikumwachia bure, nilimwita. Baada ya kasling, askofu wake akichelewa mwendo mmoja tu nacheza b6, kisha Kb7, na hatoki hapo a7 akiwa mzima. Akirudi 4.Bf2 mara moja, amemchezesha askofu mmoja mara tatu katika miendo minne. Mimi nina d5, nimeshafanya kasling, kete zangu zinatoka. Askari mmoja kwa hayo nakubali kulipa.

---

Pembe_ya_Farasi

Anarudi tu mkuu, hachelewi. Na askari ni askari. Halafu wewe mwenyewe hukugundua kwamba ugonjwa ule ule uko upande wake: a2 halindwi na ngome ya b1 imefungiwa. Ungesogeza askari wa f badala ya kucheza e6, askofu wako wa e8 angepitia f7, na yeye ndiye angekuwa anahangaika na Nb3. Kwenye 960 ukiona donda lako, angalia na la mwenzako, kete zinaangaliana.

---

Kete_Mbili

Kwa hiyo kuna kasling ambayo mfalme hatembei na bado inaitwa mfalme amecheza? Mie narudi kwenye drafti.

---

Saa_Mbili_Kengele

Mwalimu, ni kweli ziko kwenye mwongozo. Lakini mwandaaji akitangaza "chesi 960" bila kuandika kanuni nyingine, atashika ya wapi kama si hiyo? Akitaka kasling yake mwenyewe aibandike ukutani kabla ya raundi ya 1, si kuitunga mezani.

Njia aliyotumia mleta mada, kumtoa mfalme nje ya ubao, ngome ihame, kisha mfalme atue, ndiyo inayopendekezwa kwenye mwongozo huo huo. Na kutamka kwamba unafanya kasling nako kumetajwa humo, kwa ajili ya kuepusha hizi fujo.

---

Refa_Mdogo_Pwani

Mzee, niulize basi, maana mimi ndio naanza. Kama mfalme hahami kabisa, kwa nini mchezaji amguse? Si aipeleke ngome d8 tu na kusema "kasling"? Lakini akianza kugusa ngome halafu amguse mfalme, sheria ya kugusa inamnyima kasling ya upande ule. Na asipomgusa mfalme kabisa, mimi kama refa nimeona ngome ikimruka mfalme basi. Nimpige adhabu au nimwache?

---

Saa_Mbili_Kengele

Kama ametamka kabla ya kugusa, mimi ningemwacha. Ila nimefanya kazi na wenzangu wasiokubali, na sidhani tutamaliza hapa. Ndiyo maana namwambia kila mchezaji: anza na mfalme, hata kama anarudi pale pale.

Mleta mada, ulisaini karatasi ya matokeo?

---

Askari_wa_h7

Nilisaini. Nilikuwa natetemeka, nikaambiwa saini upishe raundi inayofuata.

---

Saa_Mbili_Kengele

Hapo umejifunga. Andika rufaa hata hivyo, weka miendo yote minne na mchoro wa ubao kabla ya mwendo wa 3 wa nyeusi, peleka kwa mwandaaji, si kwa refa. Pointi sidhani kama utarudishiwa.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Kiingilio je?

---

Askari_wa_h7

Kiingilio nakitaka, mwalimu. Barua inaenda kesho asubuhi.