Naomba ushauri: kibodi ya kwanza ya binti yangu, vibonye 61 au 88?

MamaNeema
Habari wakuu. Binti yangu ana miaka 10, anafundishwa piano kanisani, piano halisi ya mbao. Nyumbani hana cha kufanyia mazoezi. Nimeona Yamaha PSR-F52 mpya ya vibonye 61, na Yamaha P-45 ya mtumba ya vibonye 88, bei yake karibu mara mbili. Hii ya pili haina stendi wala pedali. Nichukue ipi?

Chuma_Tupu
88, usijadili. 61 ni midoli.

Mzee wa Kinanda
Chuma, taratibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafiki kwenye vibonye vya mwisho, 61 vinamtosha kabisa. Shida ya F52 iko kwingine: ukibonyeza taratibu au kwa nguvu, sauti inatoka ileile, na haina tundu la pedali. Mwalimu akimwambia "hapa piga kwa upole", nyumbani hataweza kuufanyia mazoezi huo upole. P-45 inausikia mkono, na vibonye vyake vina uzito, vya besi vizito kidogo kuliko vya juu, kama kwenye piano. Akienda kanisani vidole havitashangaa.

dj_kibao
Mimi natengenezea biti kwenye 61 nyepesi, vidole vinakimbia. Uzito wa nini?

Mzee wa Kinanda
Wewe biti, yeye piano.

Mama, ukienda kuikagua P-45, bonyeza vibonye vyote kimoja kimoja kwa nguvu ileile, kuanzia kushoto, vyeupe na vyeusi. Kikitokea kimoja kinapiga kelele kuliko jirani zake, au kimoja kiko bubu, raba za ndani zimechoka au zina vumbi. Hapo shusha bei au ondoka. Sikiliza pia kama kuna kinachogonga kama mbao.

MamaNeema
Asante mzee. Na stendi?

Mzee wa Kinanda
P-45 ina kilo 11 na ushee. Stendi ya mkasi yenye chuma kimoja kila upande itayumba, tafuta ya vyuma viwili. Akikaa, viwiko vilingane na vibonye. Meza ya chakula mara nyingi iko juu mno, mabega yatapanda.

Pedali nunua hata ya bei ndogo, ila asiikanyage wakati wa kuwasha. Ikikanyagwa inageuka: sauti inavutika akiachia, inakatika akikanyaga. Zima, uwashe upya mguu ukiwa mbali.

Chuma_Tupu
Sawa mzee, lakini P-45 haitumii betri. Umeme ukikatika je? F52 inakula betri sita ndogo.

Mzee wa Kinanda
Hapo umenipata.

MamaNeema
Kwetu hukatika jioni, ndiyo saa yake ya mazoezi. Kuna anayeiendesha P-45 kwa sola? Adapta yake imeandikwa volti 12.