Tupeane uzoefu: mtu ambaye hakuwahi kukaa kikaoni ndiye aliyekwamisha mauzo yako. Ulimgunduaje?

Mpanda Ngazi (mwanzisha mada)
Wakuu, naanza na changu. Nilikuwa nakiuzia kiwanda kimoja mfumo wa kupanga matengenezo ya mitambo. Daftarini nilikuwa na watu 5: meneja uzalishaji aliyetuita, mkuu wa fedha, mkuu wa TEHAMA, afisa manunuzi, na mkurugenzi mwenye sahihi ya mwisho. Nilikaa na kila mmoja wao na hakuna aliyepinga. Mwezi wa 8 ikaja barua kwamba wameahirisha.

Baadaye meneja akanisimulia. Mkurugenzi alimpigia simu fundi mkuu wa karakana, mzee aliyebakiza mwaka astaafu, akamuuliza kama vijana wake watautumia. Mzee akasema zamu ya usiku hawataingiza taarifa yoyote, kwa sababu kule chini mtandao haushiki. Ikaishia hapo. Huyo mzee hana mamlaka ya kuidhinisha hata ununuzi wa spana.

Kinachoniuma ni kwamba dalili niliiona. Mwezi wa 4 mkuu wa fedha aliniuliza mtandao ukikatika usiku itakuwaje. Mtu wa fedha hujiuliza swali hilo kutoka wapi? Nililijibu vizuri, nikasahau kuuliza limetoka kwa nani.

Kifupi Tu
Mkuu, ungeenda kwa mkurugenzi tangu siku ya kwanza. Mwenye sahihi ndiye mteja, wengine wanakupotezea muda.

Bi Mikataba
Kifupi, sahihi ni yake kweli, na mapema ni vizuri umfikie. Lakini soma kisa tena: mkurugenzi alikuwepo, na bado aliuliza mtu anayemwamini. Kadiri bosi anavyokuwa mbali na kazi yenyewe, ndivyo anavyohitaji sikio la chini.

Mimi siulizi tena "nani anaamua?" Kila mtu hujitaja yeye. Nauliza: "Mara ya mwisho mliponunua kitu cha ukubwa huu, faili lilipita kwa nani, na lilikaa muda mrefu zaidi kwa nani?" Mteja mmoja alinijibu bila kufikiri kwamba lilikaa wiki 6 kwa mkaguzi wa ndani, kwa kuwa mkataba haukusema data ni ya nani wakiachana na muuzaji. Mkaguzi huyo hakuwa kwenye mchoro wangu wa watu wenye usemi kwenye ununuzi. Nikaandika kipengele hicho kabla hajakiomba, na nikaomba dakika 20 zake.

Kwenye mchoro, kila jina naliandikia anachopata, anachopoteza, na nani kaniambia habari zake. Hiyo ya mwisho ndiyo naiangalia sana. Nikikuta majina yote yametoka kinywani mwa mtu mmoja, najua nimechora kampuni anavyoiona yeye, na watu asiopatana nao kawaacha nje.

Mpanda Ngazi
Dada, hapo umenigusa. Majina yangu yote 5 alinipa meneja. Na nimekuja kusikia yeye na yule fundi walikuwa hawasalimiani.

Zawadi Njema
Kwa hiyo mnazungumzia kumtafuta wa kumpoza kidogo ili faili lisogee?

Bi Mikataba
Hapana ndugu yangu, hiyo ni rushwa, na siyo mada. Fundi yule alihitaji kujibiwa kuhusu mtandao. Kama mfumo ungehifadhi taarifa kwenye simu hadi mtandao urudi, pengine angekuwa upande wetu.

Upande wa Pili
Mimi nakaa meza ya kununua. Niwape siri: tukisema "tunashauriana ndani", mara nyingi kuna jina tunalolificha makusudi, tusije tukamwona mtu wetu anazungushwa na wauzaji watatu kwa wiki. Mwaka jana muuzaji alimpigia moja kwa moja mhandisi wetu bila kumwambia aliyemkaribisha. Aliyemkaribisha akaonekana hana siri, akaacha kumtetea kabisa.

Mpanda Ngazi
Sasa utamfikiaje bila kumdhalilisha aliyekuita?

Bi Mikataba
Namwomba aliyeniita anitambulishe yeye mwenyewe, na ombi hilo ni kipimo pia. Akipanga kikao ndani ya wiki 2, ana nguvu na ananitetea. Akikwepa mara mbili, basi ni mtu wa kunipa habari tu, na nimtafute mwingine wa kunibeba.

Upande wa Pili
Sikubaliani sana. Mimi ningekwepa hata mara tatu, na mfumo bado nautaka. Kuna kampuni ambazo kumleta mgeni kwa mkaguzi ni kujitafutia maswali.

Mpanda Ngazi
Na pale ambapo wanaogombana ndio hao wawili, fundi na aliyeniita? Hapo mimi bado sina jibu. Aliyewahi kupita njia hiyo atueleze.